Tyubu ya Krimu Isomwe Kabla ya Kupakwa

Krimu nyingi za kujichubua huwa na kitu ambacho muuzaji hakitaji na lebo haikionyeshi. Vya kuogopwa zaidi ni viwili: zebaki, na steroidi kali ambazo ni dawa za kuandikiwa na daktari. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na homoni mwaka 1998, lakini bidhaa hizo bado hupenya sokoni. Mnunuzi wa Molo anayetumiwa picha ya tyubu kwenye simu kabla ya mzigo kupakiwa kwenye matatu kutoka Nakuru anayo nafasi ya kujikinga, mradi ajue kwamba picha yaweza kufichua krimu mbaya, ila haiwezi kamwe kuthibitisha kwamba krimu ni salama.

Picha ya upande wa mbele haitoshi, kwa kuwa huko kuna uso wa msichana mweupe na ahadi ya siku saba tu. Muuzaji na aombwe picha ya mgongo wa tyubu, ya pindo la chini linalopigwa muhuri wa nambari ya toleo na tarehe ya kuisha, na ya kasha pande zote. Wakati mwingine tyubu husema kidogo na kasha likasema zaidi.

Tuseme picha imekuja na, ikikuzwa, mgongoni panasomeka Clobetasol Propionate 0.05% w/w. Tarakimu hiyo humdanganya msomaji kwa udogo wake. Klobetasoli ya kiasi hicho ndiyo dawa kamili ya kundi la steroidi zenye nguvu kuliko zote za kupakwa. Kwa kawaida daktari huiruhusu kwa wiki mbili mfululizo, isizidi gramu 50 kwa wiki, na huiepusha na uso. Betamethasone nayo ni ya ukoo huo. Hata majina hayo yasipotajwa, herufi BP au USP baada ya jina la kiungo kingine huonyesha kipimo cha vitabu vya dawa, na alama ya Rx au maneno Schedule H, yanayoandikwa kwenye dawa za India, humaanisha cheti cha daktari. Kipodozi cha kweli hakina haja ya maneno hayo.

Zebaki hujificha kwa majina mengine: Hg, calomel, mercurous chloride, mercuric iodide, ammoniated mercury. Dalili nyingine ni onyo kwamba krimu isiguse dhahabu, fedha wala alumini. Onyo hilo lina sababu: zebaki huungana na madini hayo na kuyaharibu, nayo losheni ya kawaida haina cha kufanya na pete ya mtu.

Halafu kuna dalili za kukosekana: hakuna orodha ya viungo, hakuna anwani ya mtengenezaji, hakuna nambari ya toleo. Alama ya ubora ya KEBS ikiwapo, nambari ya kibali iliyo chini yake itumwe kwa ujumbe mfupi kwenda 20023, kwa mtindo wa SM# ikifuatwa na nambari hiyo. Jibu lilingane na jina la bidhaa na la kampuni, maana alama yenyewe ni rahisi kuchapishwa na yeyote.

Lebo safi haitoshi kumtuliza mtu. Kiungo kilichofichwa hugunduliwa maabara tu, au na mwili. Uso uliong'aa kwa siku chache, kisha ukawaka na kutoa vipele kila krimu inapoachwa, huelekeza kwenye steroidi. Vivyo hivyo ngozi nyembamba inayoonyesha mishipa, na michirizi mapajani. Zebaki huumiza ndani. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 60 wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta waliokuwa na figo zinazovujisha protini, maradhi yanayovimbisha mwili. Zaidi ya nusu walikuwa wakitumia krimu za kujichubua zenye zebaki. Baadhi yao walipona walipoziacha.

Namna ya kuacha hutofautiana, na hapa wengi hukosea. Krimu inayoshukiwa kuwa na zebaki iachwe siku hiyo hiyo, na taulo na mashuka ya aliyeipaka yasitumiwe na watoto, kwani zebaki huhamia kwa walio karibu. Isichomwe moto, kwa sababu mvuke wake ni sumu. Ifungwe ndani ya mfuko. Aliyepaka steroidi kali kwa miezi mingi asikatize ghafla bila daktari, maana tezi zinazotengeneza homoni ya aina hiyo huenda zimelala, na mwili ukabaki bila kinga wakati wa ugonjwa. Yafaa apeleke kliniki tyubu yenyewe pamoja na kasha, aeleze ameipaka kwa muda gani na sehemu zipi, apimwe shinikizo la damu, sukari na protini ya mkojo. Afisa wa afya ya umma naye apewe taarifa pamoja na jina la duka.