Imeili ya Kifaransa si insha ya KCSE

Wasee wa Kifaransa, nani aliwaambia heshima ya Mfaransa inapimwa kwa mistari? Mtu anaandikia ofisi ya Lyon swali moja tu, halafu anafunga na "Je vous prie d'agréer, Madame, Monsieur, l'expression de mes salutations distinguées". Manze, hiyo ni ya barua! Ya kuomba kazi, ya kuacha kazi, ya malalamiko rasmi. Kwa imeili ya kazi ya kila siku, anza na "Bonjour Madame" na jina lake la ukoo, maliza na "Cordialement", na imetosha. Lakini usikate hiyo Bonjour. Kuingia na swali bila salamu huko ni kama kuingia kwa mtu bila hodi.

Chukua mfano. Uko kwa kampuni ya safari Nairobi, na wakala wa Lyon analeta wageni 12. Vyumba ni 6, lakini hujui nani wanalala kitanda kimoja na nani wanataka viwili. Hoteli inataka jibu Alhamisi. Usianze kusimulia historia ya kampuni. Mstari wa Objet ubebe mzigo:

```
Objet : Groupe du 14 août – lits à confirmer avant jeudi
```

Chini yake, sentensi tatu: vyumba vipo, niambie vipi vya vitanda viwili, hoteli inangoja mpaka Alhamisi. Ukiona unaanza aya ya tatu, ama una maswali mawili yaliyochanganyika, ama unajitetea.

Sasa ikifika Jumatano na hajajibu? Wengi wenu mtatuma imeili ya pili, ndefu kuliko ya kwanza, eti mnamkumbusha. Hapana. Piga simu. Piga pia kama amejibu na bado hamuelewani, ama kama hoteli imepoteza chumba na inabidi umwambie. Habari mbaya kwa maandishi husomeka kali kuliko ulivyokusudia, na huwezi kusikia amekasirika kiasi gani.

Najua mnachoogopa: lafudhi. Kwa hivyo mnajificha nyuma ya imeili, na mgeni ndiye anakuja kulala kitanda kimoja na shemeji yake. Andika kwa karatasi wewe ni nani, ni kundi gani, unataka nini. Akienda mbio, sema "Pourriez-vous répéter plus lentement ?" Hakuna atakayekucheka kwa hiyo.

Mkimaliza, majina na tarehe zirudi kwa maandishi, mistari miwili inayoanza na "Suite à notre appel", ndiyo mtu asiruke kesho. Na mwezi wa nane tuko mbele yao kwa saa moja, kwa hivyo msipige kati ya saa saba na saa tisa mchana. Wako lanchi.