Kimombo Kwenye Meseji za Mahaba: Ukaribu au Mashauzi?

Wadau, hili la kimombo kwenye meseji za kutongozana halijakaa sawa. Leo lisemwe.

Kuna mdada mmoja wa Nyarubungo, jamaa yake anapiga mishe Mwanza. Wiki ya kwanza jamaa alikuwa anaandika "Mambo mrembo, umeamkaje?" na mdada anajibu meseji ndefu, na utani juu. Wiki ya pili kaka akabadilika. Ikawa "Gudi moning mai kwini, ai thinki abauti yu ol dei." Mdada akajibu "asante". Ikaja mistari mingine minne ya ung'eng'e, akajibu "hahaha, sawa". Jamaa akajua mtoto kakolea. Kumbe mtoto kapoa!

Na msiseme hajasoma. Sekondari kapita, na kule masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Lakini Kiingereza cha kujibia mtihani wa Baiolojia sio cha kurushiana maneno usiku. Kutongozana ni kama kudakishana mpira. Ukimrushia mwenzako mpira asioweza kuurudisha, hamchezi tena, anakuangalia tu. Hayo ndio mashauzi: unaandika uonekane, sio ujibiwe.

Ila kuchanganya lugha sio kosa. Mtu akiandika "nimekumisi", neno limetoka Uzunguni ila limevalishwa Kiswahili, na ile "ku" katikati ni wewe mwenyewe umo ndani. Huwezi kukosa jibu la "nimekumisi". Vilevile wapenzi wakiwa na neno lao la kimombo walilolicheka pamoja, hilo ni lao, ni ukaribu kabisa.

Kuna na wale wenye aibu. "Nakupenda" ni neno zito, ukilitoa limetoka. "Ai lavu yu" ni jepesi, ukikataliwa unasema ulikuwa unatania. Huyo asamehewe mwanzoni. Ila miezi sita imepita na bado anajificha kwenye kimombo? Hapo hamna aibu, hamna nia.

Sasa kipimo ni hiki: angalia mtu anarudi lini kwenye Kiswahili. Yule jamaa wa Mwanza alivyokwama, kimombo chote kiliyeyuka. Akaandika "Mpenzi, nimekwama huku, naomba elfu kumi tu, Ijumaa narudisha." Kiswahili safi, hata koma ipo! Kumbe anajua kuandika akaeleweka, akiwa na shida yake. Mahaba anayasema kwa lugha ya kujionyesha, hela anaiomba kwa lugha ya moyoni. Mtu wa hivyo anajua kabisa anachofanya.

Mdada hakutukana wala hakulia. Alijibu kwa kimombo, mara yake ya kwanza tangu waanze kuchati: "Sori, rongi namba."

Mashauzi yakaishia hapo. Haya wadau, na nyie fungukeni: wa kwenu anawaandikia nyinyi, au anajiandikia mwenyewe?