Mwajiri Hupanga Lini, Hapangi Kama

Katika wilaya ya Korogwe, kutoka Kerenge hadi kwenye mashamba ya mkonge, likizo ya mwaka huombwa kama fadhila na hunyimwa kama fadhila. Mtumishi hufunga mizigo, hulipa nauli, kisha jioni ya mwisho huambiwa: "Kazi imezidi, subiri kidogo." Kidogo hicho hugeuka mwaka.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 31, inampa mfanyakazi siku 28 mfululizo kwa kila mzunguko wa miezi 12. Ni kweli, na wanaharakati wengi hawapendi kulisikia hili, kwamba mwajiri ndiye apangaye tarehe. Lakini ana ukomo: miezi 6 baada ya mzunguko kwisha. Anaweza kuisogeza hadi miezi 12 iwapo tu mfanyakazi ameridhia na mahitaji ya kazi yanalazimu. Yote mawili kwa pamoja. Kunyamaza kwa unyonge si kuridhia, ingawa maofisini hutafsiriwa hivyo.

Tuchukue mfano wa karani aliyeanza kazi 1 Julai 2023. Mzunguko wake uliisha 30 Juni 2024, na ukomo ukawa 31 Desemba. Aliomba Septemba, akakataliwa. Hapo hakuonewa, akilalamika, atashindwa. Akapewa likizo ya kuanzia 25 Novemba, ikafutwa tarehe 23. Hapa pia, kwa ukali wa sheria, mwajiri bado ana nafasi, ila ni finyu: siku 28 zitaenea tu zikianza kabla ya kupita tarehe 4 Desemba.

Kwa hiyo barua ya karani isiwe ya machozi wala matusi. Itaje mzunguko, tarehe za maombi na za kufutwa, ukomo wa 31 Desemba, kisha iombe tarehe mpya kwa maandishi. Iongeze sentensi moja: "Sijaridhia kusogezewa likizo kupita ukomo huo." Akiweza, apendekeze pia nani atashika kazi zake, kama ofisi ina makarani wawili tu, shida ya mwajiri si uongo. Nauli iliyopotea aiombe kwa ustaarabu, akiambatisha tiketi. Abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, maana agizo la kufuta likizo aghalabu hutolewa kwa mdomo.

Ukomo ukipita bila jibu, mgogoro umezaliwa. Mgogoro usiohusu kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, kwa fomu namba moja ya Tume. Karani wetu asingoje Februari 2025 iishe. Mtumishi wa umma ana njia nyingine: tangu marekebisho ya 2016 hana budi kwanza kumaliza ngazi za Sheria ya Utumishi wa Umma, na barua ileile ndiyo atakayoanza nayo kwa mwajiri wake.

Wengi waliowahi kuniletea malalamiko ya likizo hawakuwa na karatasi hata moja mkononi.