Kuristati seva si kuitibu

Wasee, tuambiane ukweli. Fundi anayekuambia "ristati tu, itakuwa poa" hajatibu seva yako. Amekupa tembe ya maumivu na akaenda na pesa.

Mimi na beshte yangu tulikuwa na saiti ya kuuza tiketi za shoo, kwa seva ndogo ya memori ya GB 1. Jumatatu ilikuwa inapaa. Alhamisi ilianza kujiburuta. Ijumaa jioni, saa ile watu wanataka kununua, ikazima. Tukaristati, ikapona, wiki iliyofuata hadithi ikawa ile ile. Fundi akasema, "Trafiki ni mingi, lipieni seva ya GB 2." Karibu tulipe.

Kabla ya kulipa tukaweka mstari huu kwa crontab, uandike kila dakika 10 programu inakula memori kiasi gani:

```
*/10 * * * * (date; ps -C node -o rss=) >> /home/app/mem.log
```

Sasa siri ni hii: usiangalie mchana, angalia saa kumi alfajiri, watu wakiwa wamelala. Jumatatu MB 160, Jumanne 310, Jumatano 460, Alhamisi 610. Kama ingekuwa ni trafiki, usiku ingeshuka. Hii haikushuka hata siku moja. Huo ni mvujo. Memori ikikaribia kuisha, seva inaanza kuhamishia vitu kwa diski, na diski ni polepole sana, ndiyo maana inajiburuta kabla ya kufa. Mwishowe Linux yenyewe inaiua, na `dmesg` inakuonyesha `Out of memory: Killed process`.

Piga hesabu. Inavuja MB 150 kwa siku, kwa hivyo GB 1 ya ziada ingetununulia karibu siku saba. Yaani tulipie kila mwezi ndiyo tufe wiki inayofuata?

Kosa lilikuwa letu. Kila mtu akifungua ukurasa, programu iliweka habari zake kwa `Map` ili imhudumie haraka, na hakuna mahali tulikuwa tumeandika zitolewe. Node haiwezi kutupa kitu ambacho programu yako bado imeshikilia.

Na msinichape, sijasema usiristati. Tulipokuwa tunatafuta kosa, tuliristati kila siku saa kumi alfajiri, kwa mpango, wakati hakuna mtu katikati ya kulipa. Lakini mvujo wetu ulifuata watu, si kalenda. Siku ya shoo kubwa wateja wanaongezeka mara nyingi, na kabla alfajiri ifike umekwisha. Hiyo ratiba haikuokoi.

Tulichofanya ni kufuta kila habari iliyomaliza dakika 15. Sasa ile namba ya alfajiri inapanda kidogo baada ya kuristati, halafu inatulia hapo hapo.

Kwa hivyo fundi akikuambia uongeze memori, mwambie kwanza akuonyeshe namba za saa kumi alfajiri. Kama hana, anabahatisha na pesa yako.