Mabati yana hesabu zake

Kuna kitu kinanikera kwenye michoro mingi ya "nyumbani Afrika", nacho ni paa la bati. Mchoraji anapiga mistari michache minene, anamwaga rangi ya kutu juu yake, basi, kamaliza. Msimamo wangu ni huu: bati lina vipimo, na ukivichora ovyo unageuza nyumba ya watu kuwa kibanda. Na sisi tuliokulia Leicester, Muscat au Minneapolis tunaumia zaidi, maana wadogo zetu wengine hawajawahi kulala chini ya paa lenyewe. Wanachokijua ni hiyo picha tu.

Tuanze na mistari. Mistari ya bati inateremka kutoka kileleni kuelekea chini, kwa sababu maji ndiyo yanayopita hapo. Ukiilaza sambamba na kilele, umechora paa litakalojaza maji na kuvuja. Na hiyo mistari ina kipimo. Bati la migongo midogo, lile lililozoeleka zaidi kwenye nyumba za kawaida, lina takriban milimita 76 kutoka mgongo mmoja hadi mwingine, yaani inchi 3. Ukishalipandisha juu ya bati jirani, inabaki kama migongo 10, sawa na sentimita 76.

Sasa chukua nyumba ya bibi yangu kule Muheza, Tanga. Paa lake lina urefu wa mita 9. Gawanya kwa sentimita 76, unapata mabati 12, yaani kama migongo 120 kutoka ukuta hadi ukuta. Mchoraji akipiga mistari 30 kwa sababu inapendeza, jicho lako linasoma mita 2 na kidogo. Hujui kwa nini, ila nyumba inaonekana kama banda la kuku. Yaani mgongo wa bati ni rula, na watu wanaisoma bila kujua.

"Lakini nani atachora mistari 120?" Hakuna haja. Nyumba ikiwa mbali, migongo inapotea na kinachobaki ni maungio ya mabati. Hapo ndipo mdundo wa paa ulipo: vipande 12, kila kimoja na rangi yake kidogo. Bibi alinunua mabati 7 kwanza, mengine yakaja miaka iliyofuata, kwa hiyo hayakuzeeka pamoja. Ukipaka paa zima rangi moja unaifuta hiyo historia. Ukibadilisha rangi, ibadilishe kwenye maungio, siyo katikati ya bati.

Misumari nayo ina mpangilio. Mjomba wangu ni fundi wa kupaua, na nilipomuuliza mbona hapigi msumari kwenye bonde, alicheka: "Mjomba, maji yanapita bondeni. Ukitoboa bonde, umewatobolea wenye nyumba." Kwa hiyo msumari unakaa juu ya mgongo. Na misumari inajipanga kwa safu zinazokatiza paa, kwa sababu chini yake kuna papi, zile mbao zinazobeba bati. Ukiona safu za nukta umeona mbao zilipo, hata kama zimefichwa.

Kileleni kuna kofia, ile bati iliyokunjwa katikati na kufunika pande zote mbili. Wengi wanachora mstari mmoja mweusi hapo na kuendelea na maisha yao. Kofia haina migongo kama bati lililo chini yake, inalala juu ya migongo tu. Kwa hiyo chini ya ukingo wake kila bonde linaacha tundu dogo jeusi lenye umbo la upinde, na popo wanayajua vizuri hayo matundu. Kivuli cha kofia nacho hakinyooki, kinapanda na kushuka kufuata migongo. Hicho kivuli cha mawimbi peke yake kinatosha kumwonyesha mtu kwamba hili ni bati na siyo kitambaa cha mistari.

Upande wa chini kuna gata, na gata lazima liende mahali. Linainama kidogo, kama sentimita 1 kwa kila mita, kuelekea kwenye bomba, na bomba linaingia kwenye pipa au tangi. Nyumba nyingi zina gata upande mmoja tu, ule wenye tangi. Upande usio na gata usiuache mtupu: maji yanadondoka kutoka kila bonde, yanachimba vishimo kwenye mchanga kwa mstari ulionyooka, na matope yanarukia sehemu ya chini ya ukuta. Ukichora hivyo vishimo, mtu aliyekulia pale atajua kwamba mvua ilinyesha jana.

Sasa jua, ambalo ndilo linalokosewa kuliko vyote. Watu wanachora mng'ao kama mstari mweupe mrefu unaofuata mgongo kutoka juu hadi chini. Ukisimama karibu na nyumba utaona kinyume chake: mng'ao unakatiza migongo. Ni mkanda unaovuka paa, uliokatika vipande vifupi, kijipande kimoja kwenye kila mgongo na kingine kwenye kila bonde. Sababu yake ni kwamba ule mviringo wa mgongo unatawanya mwanga kushoto na kulia, wakati kuelekea juu na chini bati limenyooka kama kioo. Kofia, kwa kuwa haina migongo, inawaka kwa mfululizo, siyo kwa vijipande.

Saa nayo ina maana. Saa sita mchana jua liko utosini, na paa lenye mwinamo mdogo linalirudisha juu angani. Abiria wa ndege ataona mmweko, wewe uliyesimama uani huoni. Ukitaka mng'ao kwa mtu aliye chini, weka jua mbele yake, nyuma ya nyumba, kwenye saa mbili asubuhi au karibu saa kumi na moja jioni. Bati jipya linatoa mkanda mwembamba mkali. Likifubaa, mkanda unapanuka na kufifia. Likila kutu, haling'ai tena.

Na kuhusu kutu. Mhariri mmoja wa vitabu vya watoto aliwahi kuniambia niongeze kutu "ili ionekane Afrika". Nilimuuliza, niongeze wapi? Hakuwa na jibu, kwa sababu kwake kutu ilikuwa rangi ya mahali, siyo jambo linalotokea. Kutu inaanzia kwenye tundu la msumari, kwenye ukingo uliokatwa na pale bati mbili zinapolaliana na kushika unyevu. Kisha inateremka na maji kama machozi. Pwani inawahi kwa sababu ya chumvi ya bahari. Bati jipya halina kutu kabisa, linabeba rangi ya anga, buluu hadi nyeupe.

Na kama kweli tunatafuta bati linatoka wapi, wazo hilo lilipewa hataza London mwaka 1829, kwa mhandisi Henry Robinson Palmer, aliyekuwa akifanya kazi kwenye bandari za huko. Bati siyo alama ya Afrika. Cha kwetu ni namna lilivyopigwa, lilivyoongezwa na lilivyozeeka juu ya nyumba fulani. Kwa hiyo mtu akikuomba kutu, mwulize kwanza: misumari iko wapi?