Kina cha Boriti na Somo la Vipimo

Katika kufundisha vipimo tumezoea kumwambia mtoto kwamba kosa la milimita chache halina madhara. Kwa maoni yangu usemi huo wafaa usahihishwe, kwani haielezi maana ya kosa mpaka tujue kipimo chenyewe kitatumiwa wapi. Mfano mzuri tunao hapa Babati, katika mbao ziuzwazo mjini.

Mnunuzi huomba mbao ya "mbili kwa nne", naye huandika kwamba kina chake, yaani kimo kutoka uso wa juu hadi uso wa chini, ni inchi 4, au takriban milimita 100. Lakini hilo ni jina tu. Msumeno huenda ulipita ndani ya mstari, mbao ikasinyaa ilipokauka, kisha randa ikaondoa mengine. Akiipima kwa rula huenda akakuta milimita 95. Je, milimita 5 hizo zina uzito gani?

Tuchukue boriti yenye upana wa milimita 50, iliyolazwa juu ya egemeo mbili zilizo mbali kwa milimita 2,000, na kubebeshwa katikati mzigo wa nyutoni 1,000, ambao ni karibu uzito wa kilo 100. Uzito wa boriti yenyewe tuuache. Mzigo huo huzivuta nyuzi za chini na kuzikandamiza za juu. Nguvu inayoangukia kila milimita ya mraba huitwa mkazo. Mkazo mkubwa kabisa, pamoja na kiasi cha kunepa katikati, hupatikana hivi:

mkazo = 3WL ÷ (2bd²)
kunepa = WL³ ÷ (4Ebd³)

Hapa W ni mzigo, L ni urefu baina ya egemeo, b ni upana, d ni kina, na E ni namba ionyeshayo jinsi mbao inavyokataa kunyumbuka. Tuifanye E kuwa nyutoni 8,000 kwa milimita ya mraba.

Kwa kina cha 100, mkazo ni nyutoni 6 kwa milimita ya mraba, na boriti hunepa milimita 5. Kwa kina cha 95, mkazo hufika 6.65, na kunepa hufika milimita 5.83. Kina kimepungua kwa asilimia 5 tu, lakini mkazo umeongezeka kwa asilimia 11 hivi, na kunepa kwa asilimia 17 hivi. Sababu yaonekana katika fomula: kwa mkazo, kina huzidishwa chenyewe kwa chenyewe, na 0.95 × 0.95 ni 0.9025, kwa kunepa huzidishwa mara tatu, nayo hutoa 0.857 hivi. Aliyeandika 100 amejidanganya kwa upande wa hatari, kwa maana amehesabu boriti yenye nguvu kuliko ile iliyopo.

Sasa mwanafunzi na akosee milimita 5 zilezile katika urefu, aandike 2,005. Urefu nao huzidishwa mara tatu katika kunepa, lakini jibu hubadilika kwa asilimia 0.75 tu, kwa sababu 5 ni sehemu ndogo mno ya 2,000. Hapo ndipo penye fundisho. Kosa lisihukumiwe kwa milimita zake, bali kwa sehemu yake katika kipimo kizima, na kwa mara ambazo kipimo hicho huzidishwa katika hesabu.

Pengine mtu atasema kwamba mbao hutofautiana zenyewe. Kwamba fundo au nyuzi za mshazari huweza kuvuruga hesabu kupita milimita 5. Ni kweli, na E haifanani katika mbao zote. Lakini tofauti hiyo hatuwezi kuiondoa kwa rula, na kosa la kina twaweza.

Watoto wa shule ya msingi hawahitaji fomula hizi. Chukua ubao mwembamba wenye upana wa milimita 30 na unene wa milimita 5, uulaze juu ya matofali mawili, na utundike mfuko mdogo wa mchanga katikati. Kisha usimamishe kwa ukingo wake. Ukiwa umelala utanepa mara 36 zaidi ya ukiwa umesimama, na wataliona hilo bila kuambiwa. Baada ya hapo waupime ule unene wa milimita 5, kila mmoja peke yake. Majibu yatapishana, hasa ikiwa rula zimelika nchani, au jicho halikuelekezwa wima juu ya alama. Waanzie alama ya sentimita 1, wapime mahali patatu, na wapate wastani. Atakayeandika 6 badala ya 5 awaonyeshe wenzake: 6 × 6 × 6 ni 216, ilhali 5 × 5 × 5 ni 125. Milimita moja tu imekaribia kuiongeza hesabu maradufu.