Namba Ishirini kwa Nusu Saa

Ukihudhuria vikao vya wadau wa biashara hapa Tunduma, utaijua amri hii. Chai imeisha, wageni rasmi wameondoka, mshereheshaji anashika kipaza sauti na kutangaza kwamba sasa ni muda wa kujenga koneksheni. Kila mtu asimame, azunguke ukumbi, na ndani ya nusu saa awe na namba za watu ishirini. Anayebaki kwenye kiti huitwa mzubaifu. "Changamka, mpendwa, fursa haziji mezani!" Watu wanacheka, na aliyekuwa katikati ya mazungumzo anayakatisha kwa aibu na kusimama.

Nabishana na amri hiyo, kwa niaba ya sisi wakimya. Simaanishi waoga. Mwoga anatamani kuzungumza na wote ila anaogopa. Mkimya anaweza kuzungumza na yeyote, lakini kila mazungumzo yanamtoza nguvu, na kufikia mtu wa sita mfuko wake umekauka. Kwa hiyo huchagua. Hoja yangu ni kwamba katika biashara ya mpaka huu, kuchagua watu watatu na kuwamaliza ni kazi kamili, na kuzunguka ukumbi mara nyingi ni mchezo tu.

Anza na hesabu. Watu 20 kwa dakika 30 ni dakika moja na nusu kwa kila mmoja. Sasa nikute mzee wa Mbozi anayelima kahawa. Nitampa shikamoo, ataipokea, ataniuliza natoka wapi, nitamwuliza habari za nyumbani na za shamba. Kwetu salamu hairukwi, na anayeiruka ameshajieleza ni mtu wa aina gani. Salamu ikiisha, muda wangu umeisha nayo. Kilichobaki ni kutajiana namba, na kesho yake simu imejaa majina kama "Mdau Mahindi 2" na "Kaka Lori Kikao". Hao ni watu ambao hutawapigia, nao wakikupigia utauliza, "Samahani, naongea na nani?"

Mimi nafanya biashara ya mahindi. Nanunua Mlowo na vijiji vya jirani, na sehemu kubwa ya mzigo huishia ng'ambo, Nakonde na kuendelea. Mwaka 2024, ukame ulipoipiga Zambia hadi serikali yake ikatangaza janga la kitaifa, kila mtu hapa aligeuka mfanyabiashara wa mahindi, na vikao vya wadau vikajaa. Katika kimoja cha vikao hivyo niliketi na mama mmoja kutoka Isoka mwenye kinu cha kusaga. Tulizungumza dakika arobaini. Mshereheshaji alitupita mara mbili akitutania kwamba tumeoana.

Ngoja nieleze kilichokuwa ndani ya dakika hizo, maana ndicho ninachokitetea.

Dakika kumi za kwanza zilikuwa za nyumbani. Tulichanganya Kiswahili na Kinyamwanga, lugha yenye wenyewe pande zote mbili za mpaka. Kisha akasema anahitaji gunia mia tatu. Mtu wa kuzunguka ukumbi angeandika "gunia 300" na kwenda kwa mwingine. Lakini gunia si kipimo kimoja. Huku kwetu mtu akitaja gunia la mahindi mara nyingi ana maana ya kilo 100. Zambia mfuko wa mahindi uliozoeleka ni wa kilo 50. Kwa hiyo gunia 300 zinaweza kuwa tani 30, mzigo wa lori zima, au tani 15, nusu ya lori. Ukiongeza lumbesa, lile gunia la kichwa cha juu ambalo wapimaji wa serikali wanalipiga vita kila msimu, hata hizo kilo hazina uhakika. Nikamwuliza, "Mama, gunia lenu lina kilo ngapi?" Akatabasamu. "Mwanangu, mimi sinunui gunia. Mimi nanunua mzani."

Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza. Mzani wa nani? Wangu wa Mlowo au wake wa Isoka? Mahindi yanayotoka shamba mapema yanaweza kuwa na unyevu wa asilimia 16. Kiwango kinachokubalika Afrika Mashariki kisizidi asilimia 13.5. Tani 30 zenye unyevu wa 16, zikianikwa hadi 13.5, zinabaki tani 29 na kilo mia moja hivi. Karibu gunia tisa zimeyeyuka bila mtu kuiba hata punje. Asipozungumzia jambo hilo mapema, mnunuzi ataamini amepunjwa na muuzaji ataamini amedhulumiwa, na wote wawili watakuwa wakweli.

Tukakubaliana namna ya kupima bila kifaa cha bei. Unachukua chupa kavu ya kioo, unatia punje na chumvi kavu, unafunga, unatikisa vizuri, kisha unaiacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu mwingi, yarudi juani. Ikishuka chini yote, pakia. Yeye alikuwa anajua njia hiyo, nami naijua, lakini hakuna aliyejua kwamba mwenzake anaijua. Kisha tukaja kwenye fedha: nusu kabla ya kupakia, nusu baada ya mzani wake, na mimi au mtu wangu awepo mzani ukisomwa.

Niambie lipi kati ya hayo lingeingia kwenye dakika moja na nusu.

Najua jibu la watu wa kuzunguka. Watasema riziki huletwa na mtu usiyemjua vizuri, na wana msomi wa kuwasimamia. Mwaka 1973 Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, alichapisha makala kuhusu nguvu ya mahusiano dhaifu. Alikuwa amewahoji watu waliobadili kazi karibu na Boston. Kati ya waliosaidiwa na mtu kuipata kazi, chini ya mmoja katika watano walisaidiwa na mtu waliyekuwa wakikutana naye mara kwa mara. Wengi walisaidiwa na mtu waliyekuwa wakionana naye mara mojamoja tu. Hoja ni nzito na siikwepi.

Lakini soma sababu yake. Mtu wa mbali anakufaa kwa sababu anaishi katika duara lingine, anasikia habari zisizofika kwenu. Faida inatoka kwenye tofauti ya duara, wala si kwenye wingi wa namba. Tena wale waliosaidiana walikuwa wanafahamiana kwa kiasi fulani: waliwahi kufanya kazi pamoja, kusoma pamoja, kufahamiana kupitia rafiki. Kupeana kadi ukumbini ukiwa unatazama saa hakuufikii hata huo uhusiano dhaifu.

Na kuna utafiti mwingine ambao wasimamizi wa vikao wangepaswa kuubandika mlangoni. Paul Ingram na Michael Morris wa Chuo Kikuu cha Columbia waliwafuatilia karibu watu 100 wa biashara katika hafla ya kufahamiana, kila mmoja akiwa amevaa kifaa cha kurekodi anakutana na nani. Matokeo yalitoka mwaka 2007. Kabla ya hafla wengi walisema wamekuja kukutana na watu wapya. Walipoingia ukumbini, walielekea zaidi kwa watu waliokuwa wakiwajua tayari. Kumbe kuambiwa "changamkeni" hakutoshi, hata kwa wachangamfu.

Utafiti huo unatuchoma na sisi wakimya pia, na ni haki useme. Kuna mkimya anayeketi na majirani zake wa Mlowo kuanzia chai hadi chakula cha mchana, kisha anajisifu kwamba yeye ni mtu wa mazungumzo ya kina. Hayo siyatetei. Ukichagua watu watatu, kila mmoja atoke duara lake. Kwangu mmoja lazima awe wa ng'ambo ya mpaka, mmoja awe wa kazi ninayoitegemea bila kuifanya, na mmoja awe mtu ambaye nisingekutana naye sokoni. Siku ile baada ya mama wa Isoka nilizungumza na wakala wa forodha, kisha na mwenye malori mawili. Yule wakala alinieleza kwa mpangilio: kibali cha kusafirisha nje, cheti cha usafi wa mimea, hati ya uasili wa bidhaa, na kwamba jina la mnunuzi lazima liandikwe sawasawa kwenye karatasi zote, maana herufi moja inaweza kulilaza lori Mpemba. Nilikwenda nyumbani na namba tatu. Siku ya tatu nilimpigia mama na kumtumia picha ya chupa yenye chumvi. Hakuhitaji kuuliza anaongea na nani.

Mpaka wetu wenyewe umeshalielewa jambo hili. Hapo awali lori lilisimama kwa maofisa wa Tanzania, likavuka, likasimama tena kwa maofisa wa Zambia. Mwaka 2019 marais Magufuli na Lungu walizindua kituo cha pamoja, ambapo anayekwenda Zambia anakamilishiwa mambo ya nchi zote mbili upande wa Nakonde. Walipunguza vituo ili kazi ifanyike mahali pamoja ikaisha. Ukumbini tunafanya kinyume: tunaongeza vituo na hakuna kinachoisha.

Sikatai kwamba wapo wanaofaidika na kuzunguka. Aliyehamia mji huu wiki iliyopita azunguke, hajui hata nani anauza nini. Muuza vinywaji azunguke, mteja wake ni yeyote mwenye kiu. Mgombea wa udiwani azunguke, kura haina unyevu. Lakini sisi tunaopeana mali kauli, tunaoruhusu mzigo wa mamilioni uvuke mpaka kwa kuaminiana, tunahitaji kumsikiliza mtu akieleza alivyodhulumiwa mara ya mwisho na alifanya nini. Habari hiyo haisemwi kwa sauti ya juu, wala haisemwi kwa mtu anayechungulia nani anafuata.

Kwa hiyo, mwandaaji wa kikao, nakuomba mambo matatu yasiyo na gharama. Bandika mlangoni orodha ya waliokuja, kila mmoja na anachotafuta, ili mtu achague kabla ya kuketi. Panga viti vinnevinne, uchanganye wa ng'ambo na wa huku. Na badala ya nusu saa ya kukimbizana, tupe saa moja na kipaza sauti ukizime. Mwisho wa siku usituulize tumepata namba ngapi. Tuulize gunia la mwenzako lina kilo ngapi, na mzani utakuwa wa nani. Asiyejua kujibu, huyo ndiye aliyezubaa.